Dili moja, jumbe tatu: jinsi muhtasari wa mauzo wa wiki ulivyokosea kwa milioni nne

## Mazingira

Kisa hiki kilitokea katika kampuni moja ya jumla iliyopo Mwanza mjini. Kampuni inauza vifaa vya uvuvi: taa za sola za kuvulia dagaa, nyavu, kamba, maboya na betri. Jina la kampuni, majina ya watu na ya wateja nimeyaondoa. Kiasi cha fedha nimekibadilisha, ila hesabu zinafungana kama zilivyofungana wakati ule. Mimi nilikuwa mratibu wa mauzo, nakaa ofisini, na muhtasari uliokosea niliuandika mimi.

Maafisa mauzo walikuwa watano, na hapa nitawaita kwa maeneo yao: Kirumba, Ukerewe, Sengerema, Magu (aliyefika hadi Lamadi) na Musoma. Juu yao kulikuwa na msimamizi. Wote, pamoja na mtunza stoo na mhasibu, tulikuwa kwenye grupu moja la WhatsApp. Kwa wiki grupu lilipokea jumbe zaidi ya 400. Humo kulikuwa na dili, maulizo ya bei, picha za risiti, mikwaruzano juu ya tageti, salamu za asubuhi, pole za misiba, na siku Simba na Yanga wanapocheza, hayo mengine.

Mmiliki, ambaye wote tunamwita Mama, alikuwa akiishi kati ya Mwanza na Dar es Salaam. Alichoka kufungua grupu na kukuta jumbe 70 ambazo hajui aanzie wapi. Akaniambia: "Mwanangu, niandikie baruapepe moja kila Jumamosi. Nijue tumeuza nini, lengo limefikiwa au halijafikiwa, na wapi panahitaji mkono wangu." Lengo la timu lilikuwa shilingi 25,000,000 kwa wiki. Likifikiwa, kila afisa alipata 30,000 ya ziada.

Njia niliyoanza nayo ilionekana ya kawaida kabisa. Jumamosi asubuhi nilikuwa napandisha grupu hadi Jumatatu, nashuka ujumbe mmoja mmoja, na kila nilipoona kiasi nakiandika chini ya jina la afisa aliyehusika. Mwisho najumlisha. Wiki mbili za kwanza hakuna aliyelalamika, nikaamini kazi inakwenda.

## Wiki ya tatu

Jumanne usiku afisa wa Ukerewe aliandika kuhusu mteja wake mkubwa wa Nansio, mmiliki wa mitumbwi, yaani tajiri kama wavuvi wanavyomwita. Ukitoa jumbe nyingine zilizokuwa katikati, mfululizo ulikuwa huu:

```
Jumanne 20:14 - Ukerewe: Tajiri wa Nansio amekubali taa 40. 4.8 hiyo
Alhamisi 07:52 - Stoo: Mzigo wa Ukerewe 4,800,000 umepakiwa melini
Ijumaa 13:05 - Msimamizi: Hongera Ukerewe, 4.8 imetiki!
```

Taa moja ilikuwa 120,000, kwa hiyo taa 40 ni 4,800,000. Ukizisoma zikiwa pamoja hivi, mtoto mdogo ataona ni mzigo mmoja. Lakini kati ya ujumbe wa kwanza na wa pili kulikuwa na jumbe zaidi ya 100. Tena Jumatano afisa huyohuyo alikuwa ameandika, "Nina mwingine pia, wa Ukara, naye anataka." Nilipofika kwenye ujumbe wa stoo, nikadhani ndiye yule wa Ukara. Hongera ya Ijumaa niliitambua kuwa ni hongera tu, nikaiacha. Ukerewe nikaiandikia 9,600,000.

Siku hiyo ya Alhamisi afisa wa Sengerema alikuwa kwenye foleni ya kivuko Kigongo. Kisa hiki ni cha kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025, na saa za kusubiri kivuko ndizo alizotumia kuandika kila kitu kwa mkupuo. Kati ya jumbe zake mmoja ulisema: "Dili la kikundi nimelifunga, nyavu 2.4." Kwake, kulifunga kulikuwa na maana kwamba wamekubaliana bei. Fedha ilikuwa bado inangoja kikao cha kikundi siku ya Jumapili. Kwangu mimi, dili lililofungwa limeuzwa. Nikaongeza 2,400,000 juu ya 3,900,000 alizokuwa nazo.

Afisa wa Musoma hakuandika hata neno moja lenye kiasi. Ijumaa usiku alituma ujumbe wa sauti wa karibu dakika tatu na picha mbili. Nilipokuwa nashusha grupu asubuhi nilikuwa natafuta tarakimu kwa macho, na sauti haina tarakimu ya kuonekana. Mbele ya jina lake nikaandika sifuri.

Baruapepe iliyomfikia Mama Jumamosi saa sita mchana ilisema:

> Shikamoo Mama. Mauzo ya wiki ni 25,600,000. Lengo limefikiwa na limezidi kwa 600,000. Ukerewe wameongoza kwa 9,600,000, wakifuatiwa na Kirumba 7,100,000, Sengerema 6,300,000 na Magu 2,600,000. Musoma hakuna mauzo.

Mama alisoma maneno hayo na kufanya ambacho mfanyabiashara yeyote makini angefanya. Ukerewe inauza taa 80 kwa wiki na Musoma haiuzi kitu, basi taa 60 zilizotengwa kwa ajili ya Musoma zipelekwe Nansio. Jumatatu zikapakiwa. Msimamizi akatangaza kwenye grupu kwamba 30,000 ya kila mtu ipo njiani.

## Jinsi ilivyogundulika

Mhasibu ndiye aliyeuliza. Jumanne alinijia na kitabu chake: "Dada, nipe namba ya ankara ya pili ya Nansio. Mimi ninayo moja tu." Tukakaa tukatafuta, haikuwepo. Tulipoendelea tukakuta nyavu za Sengerema hazina ankara kabisa, ila Musoma ina ankara tatu zenye jumla ya 3,200,000, na zote nilikuwa nimeziacha.

Hesabu sahihi ilikuwa 21,600,000. Nilikuwa nimezidisha 7,200,000 upande mmoja na kupunguza 3,200,000 upande mwingine, na tofauti ikaonekana ni milioni nne tu. Hili ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Makosa yalikuwa yamezibana yenyewe kwa yenyewe, na jumla ikabaki kuwa kiasi kinachoaminika. Kama ningekosea upande mmoja tu ingetoka milioni 28 na zaidi, na huenda Mama angeshtuka mapema.

Zile taa 60 zilifika Nansio Jumatano, mwezi ukiwa unakua. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishika, mwanga unaenea ziwani kote, taa haikusanyi dagaa, na mitumbwi inapandishwa mwaloni. Hakuna anayenunua taa siku hizo. Mzigo wa 7,200,000 ukakaa chumba cha kupanga karibu wiki tatu, na huku wateja wa Musoma waliotaka taa kabla giza halijaisha wakanunua kwa wengine. Ile 30,000 ikafutwa. Afisa wa Musoma hakusema lolote kwenye grupu, ila alinipigia: "Dada, miaka minne niko hapa. Sifuri?" Sikuwa na jibu zaidi ya kumwomba radhi, na nilimwomba.

## Tulichoamua

Mama alituita Jumatano, mimi, msimamizi na mhasibu. Hakugomba. Aliuliza swali moja ambalo hatukuwa tumewahi kuulizana: "Hilo lengo la milioni 25, linahesabu nini?"

Kila mmoja alikuwa na jibu lake. Maafisa walihesabu mteja alipokubali. Stoo ilihesabu mzigo ulipotoka. Mhasibu alihesabu pesa ilipoingia. Mama mwenyewe alikuwa ameliweka lengo kwa kuangalia ankara za miezi iliyopita. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ulikuwa kwamba kinachohesabiwa kwenye lengo ni ankara iliyotoka ndani ya wiki, Jumatatu asubuhi hadi Ijumaa jioni. Hatukuichagua kwa sababu ni bora kuliko nyingine. Tuliichagua kwa sababu lengo lenyewe lilizaliwa kutokana na ankara, na huwezi kupima kwa kipimo kimoja kitu kilichowekwa kwa kipimo kingine.

Kutokana na hapo tukakubaliana maneno manne ya hatua, na kila dili lazima liwe kwenye moja kati ya hayo: *mazungumzo*, *ankara*, *umetoka*, *umelipwa*. "Amekubali", "nimefunga", "imetiki" na "ipo sawa" yangeendelea kutumika kwenye grupu, maana huwezi kuwapangia watu namna ya kuongea. Kazi ya kuyatafsiri iwe yangu, na pale nisipokuwa na uhakika niulize.

Uamuzi wa pili ndio uliobadilisha kazi yangu yote. Niliacha kukusanya jumbe chini ya majina ya maafisa, nikaanza kukusanya jumbe chini ya dili. Dili ni mteja, bidhaa na kiasi. Kila dili lina mstari mmoja tu kwenye Excel, na kila ujumbe mpya unaolihusu unabadilisha hatua ya mstari uleule. Ujumbe wa Jumanne unaufungua mstari wa taa 40 za Nansio, ujumbe wa stoo unausogeza hadi *umetoka*, hongera ya msimamizi haigusi kitu. Mtu akitaka kuhesabu mara mbili, inabidi kwanza afungue mstari wa pili wenye mteja yuleyule, na hapo jicho linashtuka.

Wa tatu ulikuwa uhakiki. Jumamosi saa mbili asubuhi kila afisa anapokea mistari yake, kwake binafsi, siyo kwenye grupu. Nilisisitiza hilo kwa sababu nimeona mara nyingi: mbele ya wenzake mtu haandiki "hiyo niliyosema haikwenda." Anakaa kimya. Ukimwandikia peke yake anakuambia, tena na sababu anakupa.

## Tulivyoirudia wiki ileile

Kabla ya kuanza wiki mpya nilirudia ile iliyoharibika, kwa jumbe zilezile, nione kama njia mpya ingeyanasa makosa. Nitaeleza nilivyofanya kwa sababu humu ndimo kazi ilipo.

Kwenye grupu nilichagua `Export chat`, kisha `Without media`. Simu inatoa faili la maandishi ambalo unaweza kulifungua kwenye kompyuta na kutafuta neno. Kutafuta "Nansio" kukanipa jumbe zote za Nansio mfululizo, na taa 40 zikajionyesha kuwa dili moja ndani ya dakika moja. Yule mteja wa Ukara aliishia kwenye ujumbe ule mmoja wa Jumatano, hakuna mzigo wala ankara. Akabaki *mazungumzo*.

Lakini faili hilo lina mapengo, na asiyeyajua ataumia kama nilivyoumia mimi. Sauti na picha zinageuka kuwa `<Media omitted>`, hivyo ujumbe wote wa Musoma ulionekana kama mstari mtupu. Sasa natafuta neno hilo la `<Media omitted>` kwanza kabisa, narudi kwenye simu, nasikiliza na kuangalia kila kimoja. Pengo la pili limejificha zaidi. Mtu anapojibu ujumbe fulani kwenye simu, unaona ule anaoujibu juu yake. Kwenye faili hauonekani, linabaki jibu tu. Nilikuta mstari wa afisa wa Kirumba ukisema "Hapana, 14." Kumi na nne ya nini? Kwenye simu ndipo nilipoona alikuwa anajibu ujumbe wa stoo uliosema "Kirumba kamba roli 40?" Kwa hiyo faili ni la kutafutia. Kusoma unasomea kwenye simu.

Halafu kuna namba zenyewe. Sisi tunapoongea fedha tunakata maneno, na anayesikia anajazia. "Mia sita" ni laki sita. "4.8" ni milioni. Lakini afisa wa Magu aliandika "Lamadi wamechukua mia mbili," nami nikasoma laki mbili. Yalikuwa maboya 200, kila moja 1,500, jumla 300,000. Kwa bahati ankara ilikuwa ndani ya jumla aliyonitajia Ijumaa, kwa hiyo haikuharibu muhtasari, ila ilinifundisha kitu: namba isiyo na neno la bidhaa au la fedha pembeni yake siiandiki. Naiwekea alama ya kuuliza hadi mwenyewe aniambie.

Na tarehe. "Jana nimempelekea" iliyoandikwa Jumatatu asubuhi ni ya wiki iliyopita. "Saa mbili" ya afisa inaweza kuwa asubuhi au usiku, na kwa mzigo unaotegemea meli ya asubuhi tofauti hiyo ni siku nzima. Hapa ankara ndiyo inayoamua, kwa sababu imepigwa tarehe.

Mwisho nililinganisha mistari yangu na kitabu cha mhasibu. Zikalingana kwa 21,600,000. Zoezi hilo la kwanza lilinichukua saa tano.

## Baruapepe ilivyobadilika

Hii ndiyo baruapepe ambayo Mama alistahili kuipata Jumamosi ile. Niliiandika upya akaisoma, na ndiyo ikawa umbo tuliloendelea nalo.

> Mada: Mauzo ya wiki: ankara 21,600,000, lengo 25,000,000
>
> Shikamoo Mama. Tumetoa ankara za 21,600,000, tumepungukiwa 3,400,000. Fedha iliyoingia ni 12,900,000.
>
> Linahitaji uamuzi wako kabla ya Jumatatu: Musoma wamebakiwa na taa 6, na wateja wawili wanazitaka kabla giza halijaisha. Taa 60 zipo stoo Mwanza. Zipelekwe?
>
> Ankara kwa eneo: Kirumba 7,100,000. Ukerewe 4,800,000. Sengerema 3,900,000. Musoma 3,200,000. Magu 2,600,000.
>
> Bado ni mazungumzo, hayamo kwenye jumla: Sengerema, kikundi, nyavu 2,400,000, wanakutana Jumapili. Ukerewe, mteja wa Ukara, hajataja kiasi.
>
> Haijahakikiwa: Magu, mteja wa Lamadi anasema ametuma 600,000 kwa simu, mhasibu hajaiona. Haimo kwenye fedha iliyoingia.
>
> Mwezi: giza linaisha. Wiki ijayo mbalamwezi inaanza katikati ya wiki.

Mada ina jibu la swali lake la kwanza, kwa sababu Mama huona mada kwenye simu hata kabla ya kufungua. Jambo linalohitaji uamuzi lipo juu ya orodha ya maeneo. Mwanzoni nililiweka chini kabisa, nikidhani lazima ripoti ianze na hesabu, na wiki mbili Mama hakulifikia. Alisoma jumla, akafunga.

Sehemu ya "haijahakikiwa" ilileta ubishi. Msimamizi aliona inatuonyesha kama watu wasiojua kazi yao. Nilisimama nayo. Tungekuwa nayo wiki ya tatu, Musoma asingeandikiwa sifuri. Angeandikiwa "Musoma: sijapata taarifa yake", na Mama angempigia yeye mwenyewe kabla ya kugusa taa zake.

## Matokeo

Tuliendelea hivyo kwa muda uliobaki wa mimi kuwa pale, karibu miezi mitano. Wiki ya kwanza ya njia mpya tulitofautiana na mhasibu kwa 350,000, ankara iliyotoka Ijumaa jioni ikaingizwa Jumamosi. Baada ya hapo tofauti zilitokea mara mbili tatu, na kila mara tulijua ni ankara ipi kabla Mama hajauliza. Muda wa kuandika ulishuka kutoka saa tano hadi karibu saa moja na nusu, hasa kwa sababu niliacha kungoja Jumamosi. Kila jioni nilikuwa nasogeza mistari kwa robo saa, ambapo sauti na picha bado ni mpya na mtu anakumbuka alichomaanisha.

Mama aliacha kufungua grupu kutafuta hesabu. Lengo lenyewe halikuanza kufikiwa zaidi kwa sababu ya baruapepe, na sioni sababu ya kudai hivyo. Kilichobadilika ni kwamba mzigo haukupelekwa tena mahali kwa sababu ya dili ambalo halipo.

## Uchambuzi

Kosa langu la msingi ni kwamba nilidhani kufupisha ni kuondoa maneno. Nilichukua jumbe 400, nikatupa salamu na pole, nikabaki na zenye namba, nikazijumlisha. Lakini grupu la mauzo haliandikwi ili lijumlishwe. Watu wanne wanaweza kulisema dili moja, kila mmoja kwa sababu yake: afisa anajisifu, stoo anatoa taarifa ya mzigo, msimamizi anawatia moyo wengine, mhasibu anadai. Zote ni kweli na zote zina 4.8 ndani yake. Na dili lenye uzito kuliko yote linaweza kuwa ndani ya sauti ya mtu aliyekuwa anaongea huku akiendesha pikipiki kutoka Bunda. Kabla ya kufupisha lazima ujue ujumbe huu ni wa dili gani, na dili hilo limefika wapi kwa ushahidi wa mwisho uliopo.

Uhakiki wa faragha ulifanya kazi kuliko nilivyotegemea. Wiki ya pili afisa wa Sengerema alijibu mistari yake hivi: "Dada, ile ya kikundi itoe, walikutana wakasema hadi msimu." Kwenye grupu hakuwahi kuandika hivyo. Ujumbe wake wa "nimelifunga" bado upo pale hadi leo, na mtu anayesoma grupu peke yake ataamini kuwa nyavu zile ziliuzwa.

Jambo moja tulilijaribu likashindwa vibaya, na lilikuwa wazo langu. Niliandaa fomu fupi ya kunakili kwenye grupu: mteja, bidhaa, idadi, bei, hatua, tarehe. Wiki ya kwanza wote wakajaza. Wiki ya pili nikaona fomu zote zinaingia saa nne usiku, kwa kumbukumbu, huku namba zikiwa zimezungushwa. Wiki ya tatu grupu likapoa kabisa. Mazungumzo ya kweli yalikuwa yamehamia kwenye simu za mtu na mtu, ambako siwezi kuyaona. Mtu aliyesimama juani mwaloni na mteja wake hajazi fomu. Nikaiondoa, nikawaomba kitu kimoja tu: kila wanapotaja dili wataje jina la mteja, hata kwenye sauti. Hilo walilikubali, na ndilo linalowezesha kutafuta kwenye faili. Ningeanza na hilo, ningeokoa wiki tatu.

Mstari wa mwezi nao una historia yake. Mwanzoni baruapepe ililinganisha wiki hii na wiki iliyopita, kama ripoti nyingi zinavyofanya. Kwa biashara ya taa na nyavu za dagaa ulinganisho huo unadanganya kila baada ya siku chache. Wiki ya mbalamwezi mauzo yanaanguka bila mtu kukosea, na wiki ya kuelekea giza yanapanda bila mtu kufanya la ziada. Mama aliwahi kumsema afisa wa Ukerewe kwa kushuka ambako kila mvuvi wa Nansio angekueleza sababu yake. Tukaanza kulinganisha na wiki ya nne nyuma, ambayo mwezi wake unakaribiana. Unakaribiana tu, kwa sababu mzunguko wa mwezi ni kama siku 29 na nusu na wiki nne ni siku 28. Kila ukirudi nyuma wiki nne unateleza siku moja na nusu, na ukirudi miezi mitatu umeteleza zaidi ya siku nne. Kwa ulinganisho wa mbali niliacha kuhesabu wiki, nikawa natafuta kwenye kalenda wiki iliyokuwa na giza kama hili.

Liko jambo ambalo hatukulimaliza. Mteja mmoja ana duka Kirumba na mitumbwi upande wa Sengerema. Ananunua popote alipo siku hiyo, na maafisa wote wawili wanaandika kwamba dili ni lao. Kwenye Excel lilikuwa mstari mmoja, kwa hiyo jumla ya timu ilikuwa salama, lakini jumla za maeneo zilimhitaji mtu aamue. Kwa miezi ile nililiandika chini ya orodha, peke yake, na majina ya maeneo yote mawili pembeni. Afisa wa Kirumba aliniomba zaidi ya mara moja nilihamishie kwake, kwa kuwa ndiye aliyemleta mteja huyo miaka ya nyuma. Huenda alikuwa na haki. Nilimjibu kwamba hilo ni la kwake, la mwenzake na la Mama, na Jumamosi iliyofuata nikaliandika palepale, chini ya orodha, na maeneo yote mawili pembeni.